Utando mdomoni mwa mtoto, moto kwenye chuchu za mama: kwa nini dawa ya mmoja haikutosha

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka kwa kina mama kadhaa wanaopita kliniki yetu ya mama na mtoto, kwa hiyo hakuna mmoja atakayejikuta humu mzima mzima. Nimekiandika kwa sababu fangasi wa mdomoni mwa mtoto na kwenye chuchu za mama ni tatizo linalorudi rudi hata pale dawa sahihi imeshanunuliwa.

Mama ana miaka 26, huyu ni mtoto wake wa kwanza. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto akiwa na kilo 3.1. Siku ya nane kidonda kilianza kutoa maji, akaandikiwa antibayotiki za wiki nzima. Kunyonyesha kulimsumbua siku za mwanzo kama inavyowasumbua wengi, kisha wiki ya pili maumivu yakaisha kabisa. Wiki tatu nzima alinyonyesha bila shida. Mtoto alipokaribia wiki ya sita, chuchu zikaanza kumuwasha, halafu kuungua. Alipofika kwetu mtoto ana wiki 7 na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Nesi, mtoto ananing'ata na meno hana."

Kabla ya hapo alishaona weupe mdomoni mwa mtoto. Mama mkwe alisema ni maziwa yaliyoganda, akasugua ulimi kwa kitambaa kilichochovywa maji ya chumvi. Weupe haukutoka, mtoto akalia, kitambaa kikarudi na alama ya damu. Baba ndiye aliyekwenda duka la dawa akarudi na chupa ya mililita 30 ya nistatini, dawa ya fangasi ya mdomoni. Weupe ulipungua, dawa ikaachwa, na wiki moja baadaye ukarudi mwingi kuliko mwanzo.

Nilianza na mdomo wa mtoto, maana majibu ya haraka yako huko. Maziwa hubaki juu ya ulimi peke yake, hasa muda mfupi baada ya kunyonya, na ukipitisha kipande cha gozi chenye unyevu yanatoka bila kuacha alama. Fangasi hupenda zaidi sehemu za ndani ya mashavu, ufizi na upande wa ndani wa mdomo, na madoa yake yamegandamana na ngozi yanafanana na jibini iliyovunjika. Ukilazimisha yatoke, chini yake panabaki wekundu na pengine damu. Mtoto huyu alikuwa nayo mashavu yote mawili na ufizi wa juu. Ile damu kwenye kitambaa cha bibi ilikuwa imeshatuambia hivyo, ingawa haikuwa njia ya kumpimia mtoto.

Nikafungua nepi. Watu wengi huishia mdomoni na kusahau kwamba fangasi anayemezwa hupita tumboni na kutokea upande wa pili. Kwenye mikunjo ya mapaja palikuwa na wekundu mkali, na pembezoni vijipele vidogo vimetawanyika nje ya eneo kuu. Upele wa kawaida wa nepi huwa hauingii sana kwenye mikunjo. Huu wa fangasi huingia, na vile vijipele vya pembeni ndivyo vinavyoutambulisha.

Kisha nikamwomba mama anionyeshe matiti yote mawili. Chuchu zilikuwa za waridi na kung'aa kuliko ngozi yake, na kwenye duara jeusi palikuwa na magamba membamba yanayobanduka. Ngozi ya kina mama weusi haionyeshi wekundu waziwazi, kwa hiyo ni vizuri kumuuliza mwenyewe kama rangi imebadilika. Yeye ndiye anayeijua. Chuchu ya kushoto ilikuwa pia na mpasuko mdogo kwenye shina lake. Nilipomuuliza maumivu yanaanza lini, alisema yanaanza mtoto akiwa ananyonya na yanabaki nusu saa au zaidi baada ya kumaliza, na wakati mwingine hata kanga ikigusa tu anashtuka.

Maelezo hayo yanafaa kuwekwa pamoja, kwa sababu hakuna alama moja inayotosha. Maumivu yalianza baada ya wiki kadhaa za kunyonyesha vizuri. Yako pande zote mbili. Yanaungua na kuwasha, na hayaishi mtoto akiachia. Kulikuwa na antibiotiki muda mfupi kabla yake. Na mtoto ana fangasi mdomoni na kwenye nepi. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Mama mwenye chuchu zinazouma huku mtoto ana mdomo msafi na nepi safi, mimi sikimbilii kumpa dawa ya fangasi. Wataalamu wa kunyonyesha wenyewe wanabishana juu ya jambo hili: wengi wa waliokuwa wakiambiwa wana fangasi kwenye matiti, hasa wale wa maumivu ya kuchoma ndani ya ziwa, huenda walikuwa na ngozi iliyoathiriwa na sabuni au krimu, au mishipa ya damu inayobana chuchu ikawa nyeupe mtoto anapoiachia, au mtoto asiyeshika ziwa vizuri. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba huyu ana sababu za kutosha za kutibiwa fangasi, lakini ule mpasuko wa kushoto tuuangalie kivyake.

Sasa turudi kwenye chupa, maana humo ndimo kisa kilimo. Mama alisema alimpa mtoto dawa siku tano. Nikamwomba aitoe mkobani. Ilikuwa imebaki mililita 24 hivi. Kipimo cha kawaida kwa mtoto mchanga ni mililita 1 mara nne kwa siku, kwa dawa yenye uniti 100,000 kwa mililita. Siku tano zingekula mililita 20, zingebaki 10. Tulipohesabu pamoja ikaonekana alimpa mara mbili kwa siku, siku tatu, weupe ulipofifia akaacha. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Duka la dawa hawakumweleza, na kwenye boksi maandishi ni madogo.

Tena alikuwa akimpa kwa kumimina mililita nzima nyuma ya ulimi, kama syrup ya homa. Hapa inabidi kuelewa dawa yenyewe inavyofanya kazi. Nistatini karibu hainyonywi na mwili. Haipiti kwenye damu ikarudi kutibu mdomo. Inaua fangasi pale tu inapomgusa. Ikimezwa kwa mkupuo mmoja, imepita mdomoni sekunde mbili ikaenda tumboni, na yale madoa ya kwenye mashavu hayajaguswa. Ndiyo maana hugawanywa mara nne kwa siku, hupewa baada ya kunyonya ili maziwa yasiioshe, na hupakwa yalipo madoa.

Na hata angepaka vizuri, bado kulikuwa na chuchu. Fangasi huyu, kandida, si mgeni. Anaishi kwenye ngozi, mdomoni, tumboni na ukeni kwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote, na mtoto anaweza kumpata wakati wa kuzaliwa au kutoka kwenye mikono na ngozi ya wanaomlea. Bakteria wa kawaida humzuia asizidi. Antibayotiki zikipunguza bakteria hao, yeye anapata nafasi, na mahali penye joto, unyevu na mabaki ya maziwa panamfaa sana. Mdomo wa mtoto ukisafishwa kwa dawa, dakika chache baadaye unarudishwa kwenye chuchu yenye fangasi hai, mara nane au kumi kwa siku. Ukitibu chuchu ukauacha mdomo, ni vilevile kwa upande wa pili. Wanarudishiana kama mpira. Hivyo tukaanza wote wawili siku moja, na hilo hatulipi nafasi ya kusubiri kuona mmoja amepona kwanza.

Kwa mtoto tuliendelea na nistatini ileile, kwa kuwa ilikuwa haijapita tarehe. Nilimwonyesha mama mbele ya bibi, kwa sababu bibi ndiye anayebaki na mtoto mama akienda kuoga au kupumzika. Chupa inatikiswa vizuri kwanza. Dawa hii hutuama chini, na ukimpa bila kutikisa unampa maji ya juu. Mikono inaoshwa kwa sabuni. Nusu mililita inadondoshwa ndani ya shavu moja, nusu ndani ya jingine, kisha kwa kidole safi kilichozungushiwa gozi unapaka polepole kwenye mashavu, ufizi na ulimi. Kitonyesho cha chupa hakiguswi mdomoni, la sivyo fangasi wanahamia ndani ya dawa. Mtoto akimeza kinachobaki hakuna shida. Wakapanga saa zao wenyewe: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, kila mara akishamaliza kunyonya. Dawa ni siku 7, na isiachwe kabla ya siku mbili kamili kupita tangu weupe wa mwisho kuondoka. Kwa hesabu hiyo mililita 24 hazikutosha, akaandikiwa chupa ya pili siku hiyohiyo.

Bibi akauliza, "Na jivii je? Sisi tuliwalea wanetu kwa jivii." Swali zuri. Ile dawa ya zambarau iliandikwa miaka mingi kwenye miongozo ya watoto kwa utando wa mdomoni, ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 0.25 au 0.5, na fangasi inamuua kweli. Tatizo ni kwamba inayouzwa mara nyingi ni kali zaidi, na ikipakwa bila kuzimuliwa inaweza kuchubua mdomo wa mtoto, mpaka watu wakadhani ugonjwa umeongezeka. Palipo na nistatini sioni sababu ya kuanza na zambarau. Asali nikaikataa kabisa bila kuulizwa, maana najua huja baadaye: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Jeli ya mikonazoli ya mdomoni nayo hatukuitaka, kwa sababu ni nzito na kwa watoto wa chini ya miezi minne inaweza kuziba koo.

Kwa mama tulitumia krimu ya mikonazoli ya asilimia 2. Anapaka kiasi kidogo sana, safu nyembamba kwenye chuchu na duara lake, kila baada ya kunyonyesha. Kabla ya kunyonyesha tena, kama kuna krimu inayoonekana anaifuta taratibu kwa pamba yenye maji. Haina haja ya kuosha kwa sabuni, na sabuni ikitumika kila mara inakausha ngozi ikazidi kupasuka. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupatikana kila duka na wengi huitumia, ila baadhi ya kina mama huwashwa nayo zaidi. Tuliitumia hapa kwa upele wa nepi wa mtoto, mara mbili kwa siku, nepi ikibadilishwa mapema na mtoto akiachwa wazi kidogo mchana.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ya kile kilichokuwa chini ya mkoba. Mama alikuwa na tyubu nyingine aliyopewa na jirani, ile krimu ya mchanganyiko inayouzwa kwa "fangasi, mapunye na miwasho yote". Ukisoma boksi lake unakuta vitu vitatu: dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali. Ukiipaka, miwasho inatulia siku hiyohiyo, na ndiyo inayoipa sifa. Lakini steroidi kali inayopakwa ovyo inapunguza kinga ya ngozi palepale fangasi alipo, inafanya ngozi ya chuchu iwe nyembamba, na mtoto anailamba. Steroidi nyepesi ina kazi yake pale daktari alipoona ukurutu wa ngozi ya chuchu, kwa siku chache na kwa kipimo. Tyubu hii haikuwa hivyo, nikamwomba aiweke kando.

Aliuliza kama aache kunyonyesha mpaka apone. Hapana. Maziwa ni salama, na kuacha ghafla kungemletea matiti kujaa na kuuma, pengine kuvimba kwa ziwa juu ya shida aliyonayo. Alianza na titi la kulia ambalo lilikuwa na nafuu, na nikamwambia siku ambayo kushoto hakuvumiliki akamue kwa mkono ampe mtoto kwa kikombe. Maziwa aliyokamua wakati huu yatumike siku hiyohiyo. Kuyagandisha kwenye friza hakuui fangasi, kwa hiyo si akiba ya kuja kumpa mtoto baada ya dawa kwisha. Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1 isiyozidi mara nne kwa siku inamtosha, na haina shida kwa anayenyonyesha.

Nyumbani kulikuwa na nyonyo ya mpira ambayo mtoto hupewa akilia usiku. Hiyo ilikuwa njia ya tatu ya fangasi kurudi. Tulikubaliana itupwe, kama wangetaka kubaki na nyingine, ichemshwe kwenye maji yanayotokota dakika 5 kila siku, na mpya inunuliwe dawa ikiisha. Vitambaa alivyokuwa akiweka ndani ya sidiria kunyonya maziwa vibadilishwe kila vinapolowa, vifuliwe kwa maji ya moto na vikaushwe juani pamoja na sidiria. Sikumtaka aanze kuchemsha nyumba nzima. Mama aliyechoka akipewa kazi ishirini, ile moja ya muhimu inasahaulika, na ya muhimu hapa ni dawa mara nne kwa mtoto na krimu kwa mama.

Halafu nikakaa nimwangalie akinyonyesha. Upande wa kulia mtoto alifungua mdomo vizuri. Kushoto mama alimpakata akiwa ameangalia juu, shingo imegeuka, na mtoto alishika chuchu peke yake. Alipoachia, chuchu ilitoka imebanwa upande kama ncha ya rangi ya mdomo mpya. Hiyo si kazi ya fangasi. Tukamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama, pua ikielekea chuchu, tukasubiri apanue mdomo, kisha akasogezwa haraka kwenye titi ili kidevu kiguse na sehemu kubwa ya duara jeusi la chini iingie mdomoni. Mama alisema uchungu wa kuanza umepungua, ila kuungua kupo palepale. Jibu hilo lilitutenganishia mambo mawili: mpasuko ulitokana na jinsi mtoto anavyoshika, na kuungua kunatokana na kingine.

Swali la VVU halikwepeki kwenye kisa kama hiki. Utando mdomoni kwa mtoto wa wiki 7 mwenye afya ni jambo la kawaida na peke yake haumaanishi kitu kibaya. Lakini mama anayenyonyesha hupimwa tena, na huyu alipimwa siku hiyo akawa hana maambukizi. Kama angekuwa na VVU, matibabu ya fangasi yangekuwa yaleyale ila kwa haraka zaidi, kwa sababu vidonda mdomoni mwa mtoto na chuchu zilizopasuka huongeza uwezekano wa virusi kupita. Asingeacha dawa zake wala dawa ya kinga ya mtoto. Titi lenye mpasuko unaotoka damu lingekamuliwa na maziwa hayo kumwagwa, huku mtoto akinyonya lile zima, mpaka kidonda kipone.

Siku ya tatu alipiga simu. Weupe umepungua, mtoto ananyonya bila kuachia achia, lakini yeye bado anaungua. Hapo ndipo mara ya kwanza walipoacha dawa, kwa hiyo nilikuwa naisubiri simu hiyo. Ngozi ya chuchu huchelewa nyuma ya mdomo wa mtoto, na nilimwambia siku nne au tano za kwanza zisimkatishe tamaa.

Siku ya saba walirudi. Mashavu safi, ila kwenye ufizi wa juu nyuma palikuwa na doa moja dogo ambalo mama hakuliona, kwa kuwa huwa halionekani mpaka uinue mdomo wa juu. Tukaongeza siku, na doa lilipotoweka siku ya tisa, dawa ikaendelea mpaka ya kumi na moja. Vijipele vya nepi vilikuwa vimekauka. Chuchu za mama hazing'ai tena, kuungua kumebaki kidogo jioni. Krimu aliendelea nayo mpaka siku ya 14. Mtoto, aliyekuwa na kilo 4.2 siku ya kwanza, alipopimwa siku hiyo ya 14 alikuwa na kilo 4.6.

Mpasuko wa kushoto ndio ulikuwa wa mwisho kufunga, na ulifunga kwa mkao wa kunyonyesha, si kwa krimu. Kama wiki mbili zingepita na kuungua kuko palepale, hatua ambayo nisingechukua ni kurudia krimu ileile kwa wiki nyingine mbili. Ningemwangalia tena mama kwa ukurutu na chuchu zinazobadilika rangi kwa baridi, ningepima sukari yake, na ningemwona daktari kuhusu vidonge vya flukonazoli kwa mama, ambavyo si vya kujinunulia.

Na kuna hali ambazo hazisubiri siku ya saba. Mtoto wa umri huu anayekataa kunyonya kabisa, asiyekojoa kama kawaida, aliyelegea, au mwenye joto la nyuzi 37.5 na kuendelea kwapani, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, utando au bila utando. Mama mwenye sehemu ya ziwa iliyokuwa ngumu, yenye joto na maumivu, pamoja na homa na kutetemeka, ana shida nyingine inayohitaji kuonwa siku hiyo. Na utando unaorudi mara kwa mara, unaoshuka kooni, au unaoanza kwa mtoto aliyevuka miezi sita bila kuwa ametumia antibayotiki, unahitaji kutafutiwa sababu kabla ya kuandikiwa chupa nyingine.